Kuku wa Izimbya Hakufika Muleba

Kokushubila alipompigia simu kumwomba aseme neno siku ya harusi yake, Shamsa hakungoja kubembelezwa. Jioni hiyohiyo alikaa sebuleni kwake Kashai, mjini Bukoba, akachukua kalamu, na hotuba ikamiminika. Aliandika huku akicheka peke yake. Binti yake Yasmin alitoka chumbani mara mbili kumtazama, akarudi kucheza.

Kisa chenyewe kilikuwa na miaka minne ndani yake. Shamsa na Kokushubila walipangiwa kazi ya ualimu Izimbya mwaka mmoja, wakapewa nyumba moja ya walimu yenye vyumba viwili na jiko la nje. Shamsa alikuwa msichana wa mjini, Mwislamu, aliyekuwa hajawahi kulala mahali pasipo na umeme. Kokushubila alikuwa Mlutheri wa Kanazi, mtoto wa mkulima wa kahawa, aliyejua kuchagua mkungu wa ndizi kwa kuugonga tu kwa kidole. Walipozoeana walianza kuwa na lugha yao. Mwenzao Lameki, mwalimu wa hesabu aliyekaa nyumba ya pili, ndiye aliyeikoleza, kwa sababu kazi yake kubwa baada ya vipindi ilikuwa kubandika watu majina.

Kokushubila alikuwa Waziri wa Moshi, tangu siku aliyosahau maharage jikoni akisahihisha mitihani. Mtu akiulizwa jambo gumu alijibu, "Hilo ni swali la saba," kwa sababu mkaguzi mmoja wa elimu aliwahi kumuuliza Kokushubila maswali sita, na alipofika la saba Kokushubila, badala ya kujibu, akapiga chafya iliyoangusha chaki. Na juu ya yote kulikuwa na kuku.

Kuku huyo aliingia jikoni mwao siku moja, akataga nyuma ya pipa la maji. Wao walidhani ni yule tetea waliyeahidiwa na mzazi mmoja, basi wakamlisha, wakala mayai yake, wakamwachia mengine ayaatamie. Wakati wote huo mwalimu mkuu alikuwa akisimama mstarini asubuhi na kulalamika kwamba kuna mwizi aliyemwibia tetea wake, na Shamsa na Kokushubila, wakiwa wamesimama nyuma ya wanafunzi, walikuwa wakitikisa kichwa kwa masikitiko pamoja na wengine. Siku walipogundua, walimrudisha kuku na vifaranga vyake vyote ndani ya kapu, na mwalimu mkuu, akidhani wamempokonya mwizi, akawashukuru. Kuanzia hapo Lameki hakumwita Kokushubila kwa jina lingine ila Mwizi wa Kuku.

Yote hayo Shamsa aliyaandika. Alipomaliza alimsomea mumewe Najibu, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ametoka dukani. Najibu alicheka mpaka akashika mbavu. Kwenye kuku alipiga goti lake kwa kofi.

"Mama Yasmin, hapo umewamaliza," alisema akifuta machozi. "Usiguse hata neno moja."

Shamsa alilala na furaha.

Kesho yake alipigiwa simu na Buberwa, msema chochote aliyekodiwa na upande wa bwana harusi, Onesphory, kuongoza sherehe ile Muleba. Alikuwa mtu wa adabu, mwenye sauti nzito ya kuzoea kipaza sauti.

"Mwalimu Shamsa, nimeambiwa wewe ndiwe rafiki wa bibi harusi. Neno lako ndilo litakalotangulia kugonganisha glasi. Umejiandaa?"

"Nimejiandaa vizuri."

"Ni la dakika ngapi?"

"Kama kumi na mbili hivi."

"Waitu, mwalimu wangu, nakupa tatu. Sikiliza nikueleze. Ukianza kusema, watu watakuwa wameshamiminiwa vinywaji. Wengine watakuwa wamesimama tayari, na wamo wazee. Ukienda dakika kumi na mbili soda imekuwa maji ya sukari, mikono imechoka, na chakula kinanukia pembeni. Halafu watu wa Kagoma, kwao bwana harusi, watakuja na kosta, dereva wao anataka kuondoka kabla giza halijaingia. Dakika tatu ni nyingi, utaona."

Shamsa alikubali kwa mdomo tu. Moyoni aliona ataipunguza kwa kusoma haraka. Aliingia chumbani, akafunga mlango, akaisoma mbio mbio kama mtangazaji wa mpira. Bado ilikuwa dakika tisa, na mzaha wenyewe ulikuwa umepotea, maana mzaha ukikimbizwa hauchekeshi.

Jioni akaamua kumsomea mkwewe. Mwajuma, mama yake Najibu, alikuwa amehamia kwao mwaka uliopita baada ya kukaa Mwanza muda mrefu. Hakuwahi kufika Izimbya, na Kokushubila alikuwa amemwona mara moja tu, siku ya Idd, wakasalimiana. Alikuwa barazani akimenya maharage mabichi, sinia mapajani.

"Mama, nina hotuba ya harusi. Nisikilize, uniambie kama ni ndefu."

"Soma, mwanangu."

Shamsa alisoma kwa mwendo wake wa kawaida. Alipofika kwa Waziri wa Moshi alinyanyua macho. Mwajuma alikuwa anamtazama kwa upole, vidole vikiendelea na maharage. Swali la saba likapita kimya. Shamsa akajipa moyo: kuku yuko mbele. Akafika kwa kuku, akasoma kwa madoido yote, "Na wewe, Mwizi wa Kuku, huko Kagoma unakokwenda, mabanda wamefunga?"

Mwajuma aliacha kumenya. "Aliiba kuku wa nani?"

"Hakuiba, Mama."

"Umesema mwizi."

"Ni jina la utani. Kuku alikuja mwenyewe jikoni, sisi tukadhani ni wetu, kumbe ni wa mwalimu mkuu."

"Aa." Mwajuma alifikiri. "Na hao wakwe zake watakaokuwa wamekaa pale, hilo la kuja mwenyewe umeliandika?"

Hakuliandika. Kwa watu wa Izimbya hakukuwa na haja ya kuliandika.

Basi usiku ule aliirekebisha hotuba. Kila mzaha aliuongezea maelezo: maharage yalivyoungua, mkaguzi alivyoingia, kuku alivyotaga. Asubuhi alipoisoma tena alikuta imefika dakika kumi na sita na haimchekeshi hata yeye mwenyewe. Kila alipofika mahali pa kucheka, kicheko kilikuwa kimeshachoka njiani kikisubiri maelezo yaishe.

Akarudi kwa Mwajuma, safari hii bila haraka, akaketi chini kwenye mkeka.

"Mama, nisimamishe kila mahali usipoelewa."

Mwajuma alimsimamisha kweli. Kila aliposimamishwa Shamsa alichora mstari pembeni ya karatasi, na ukurasa wa kwanza ulipoisha pembeni palikuwa pamejaa. Ndipo akafika kwenye mstari mmoja mfupi ambao hata yeye hakuutegemea sana. Ulisema: "Na sasa, Mwadhini wa Kilutheri, nani ataniamsha?"

"Hapo," alisema Mwajuma. "Mlutheri awe mwadhini vipi? Sheikh akiwepo pale atakasirika, na mchungaji naye."

"Ni Lameki alimpa hilo jina, Mama. Kwa sababu ya Ramadhani."

"Ramadhani imefanyaje?"

Shamsa akaeleza, akidhani anaeleza jina tu. Mwaka wao wa kwanza Izimbya, Ramadhani iliwakuta wana miezi miwili tu kazini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufunga mbali na kwao. Katika nyumba zile za walimu alikuwa Mwislamu peke yake. Siku ya kwanza simu yake ilizimika chaji, hakuamka kula daku, akafunga hivyohivyo na tumbo tupu, na ilipofika mchana miguu ikamlegea ubaoni mbele ya darasa. Kokushubila ndiye aliyemkalisha na kummalizia kipindi. Alfajiri iliyofuata, kukiwa bado giza, Shamsa alisikia mlango unagongwa. "Shamsa! Amka, chakula kipo!" Kwenye kijimeza kulikuwa na ndizi na maharage vya moto na chai ya maziwa. Kokushubila alikaa naye mpaka akamaliza, akarudi kulala. Kesho yake tena. Akafanya hivyo mwezi mzima, mpaka Idd. Yeye ambaye kengele ya kanisa haikuwahi kumwamsha! Na mchana hakula mbele ya Shamsa hata siku moja. Alikuwa anapeleka sahani yake nyuma ya jiko. Lameki alisikia zile kelele za mlangoni kupitia ukutani, ndipo akampa jina.

Shamsa alipoinua uso alimwona Mwajuma ameweka sinia pembeni.

"Alikupikia daku mwezi mzima," alisema Mwajuma taratibu. "Mtoto wa watu. Na si wa dini yako."

"Ndiyo, Mama."

"Na hili umeliacha nje, ukaandika kuku?"

Shamsa alicheka, lakini uso ulimpata moto. Ilikuwa kweli. Miaka yote walikuwa wamelitaja jina lile kwa kicheko, mpaka akasahau kwamba chini yake kulikuwa na jambo. Alitazama karatasi zake. Kuku, moshi, chafya mbele ya mkaguzi, vyote vilikuwa vizuri, lakini vilikuwa vya wale waliokuwepo. Hili la daku mtu yeyote angeweza kulielewa, awe wa Kagoma, awe wa Mwanza, awe mzee asiyejua hata Izimbya iko upande gani.

Alichukua kalamu akaanza kukata.

Kukata kulimuuma zaidi ya alivyotegemea. Waziri wa Moshi alikwenda bila kelele. Swali la saba alilirudisha mara mbili, akalikata mara ya tatu. Kuku alimwacha mwisho, kama mtu anayemaliza sahani na kubakiza nyama.

Ijumaa ya wiki moja kabla ya harusi alikwenda Kanazi kumwona Kokushubila. Nyumba ilikuwa imejaa mashangazi, wengine wakipanga vitenge, wengine wakibishana kuhusu nani atakaa gari gani. Kokushubila alimvuta wakatoka nje, wakaenda kusimama migombani ambako angalau mtu angeweza kusikia anachoambiwa. Alikuwa amepakwa hina mikononi na alionekana amekonda.

"Nasikia Buberwa amekubana," alisema. "Mpe dakika zake, lakini kuku usimwache."

Shamsa alikuwa amejiandaa kwa hilo. "Kuku nimemtoa, Koku."

"Umemtoa?"

"Na moshi. Na swali la saba."

Kokushubila alimtazama kama mtu aliyenyang'anywa kitu mkononi. "Shamsa. Unajua ukumbi ule utakuwa na watu gani? Watu mia tatu wa Onesphory. Mimi nina meza tatu. Nitakaa pale mbele kama sanamu, kila mtu ananitazama, na sijui hata majina yao. Nilikuwa najiambia, Shamsa akisimama nitacheka. Hata kama ni mimi na wewe na Lameki tu."

"Ndiyo sababu."

"Sababu gani?"

"Meza tatu zikicheka na nyingine zote zikinyamaza, wewe utakuwa upande gani? Wao watakuwa wanatazamana wanauliza mnacheka nini. Na mama yake Onesphory atasikia mwizi, Koku. Atasikia mwizi na moshi. Hakujui. Hayo ndiyo atakwenda nayo nyumbani."

Kokushubila alichuma jani kavu la mgomba, akalichana chana. "Juzi alikuja hapa," alisema baadaye. "Mama Anatolia. Alikaa hivi mbele yangu, mikono mapajani, akaniuliza napenda kula nini. Nikamjibu, akasema vizuri. Tukanyamaza. Ananipenda nadhani, ila hajui aniulize nini, na mimi sijui nimwambie nini."

"Basi niachie mimi nimwambie kitu."

"Kitu gani?"

"Utakisikia siku hiyo."

"Sipendi," alisema Kokushubila. Hakuinua sauti, ila alirudi ndani mbele ya Shamsa bila kumngoja, na Shamsa alipopanda gari kurudi Bukoba moyo ulikuwa mzito. Njiani alijiuliza kama ana haki ya kumkatalia bibi harusi kitu kimoja alichoomba. Alipofika nyumbani alifungua karatasi, akamwandika kuku tena kwa mstari mmoja. Akausoma mbele ya Mwajuma.

"Kuku gani?" aliuliza Mwajuma, ambaye hadithi yote alikwisha kuisikia, lakini alikuwa mwaminifu kwa kazi yake.

Shamsa akaukata mstari ule kwa mara ya mwisho.

Jumamosi ya harusi jua lilikuwa la kiasi, mawingu meupe yakipita juu ya vilima. Ibada ilifanyika asubuhi. Mchana watu wakahamia ukumbini, pale Muleba mjini. Ulikuwa umepambwa kwa vitambaa vya zambarau na fedha. Najibu na Mwajuma walikaa meza moja na walimu wa Izimbya, Yasmin akiwa katikati yao na gauni lake jipya. Lameki alikuwa amevaa suti ya kijivu na alikuwa ameshawaahidi wenzake wote mezani kwamba leo watamsikia kuku.

Kutoka alipokuwa amekaa Shamsa alimwona Kokushubila mbele, shela mabegani, mgongo wima, tabasamu lisilosogea. Onesphory, bwana harusi, mtu mrefu mtaratibu aliyefanya biashara ya kahawa, alikuwa akimnong'oneza kitu kila mara, naye anaitikia kwa kichwa. Kwenye meza ya wazazi alikaa Anatolia, mama yake Onesphory, amevaa kitenge cha bluu na kilemba, mikono mapajani vilevile kama Kokushubila alivyoeleza.

Wahudumu walipita wakimimina. Waliotaka mvinyo walipata, waliotaka soda au juisi walipata. Shamsa alichukua juisi ya pasheni. Buberwa akashika kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana, glasi zenu ziko tayari. Kabla hatujagonganisha, tumsikie mtu aliyekaa nyumba moja na bibi harusi kabla bwana harusi hajafikiria kufanya hivyo!" Watu wakacheka. "Mwalimu Shamsa kutoka Bukoba, nyegera waitu, karibu."

Shamsa alisogea mbele. Karatasi ilikuwa mkononi, moja tu, nusu yake tupu. Kabla hajafungua mdomo, kutoka meza ya walimu sauti ya Lameki ikapaa:

"Kuku! Mwalimu, tupe kuku!"

Walimu wenzake wakaitikia, "Kuku! Kuku!" wakigonga meza. Ukumbi uliobaki ukageuza shingo. Mzee mmoja wa Kagoma alimwinamia mwenzake akiuliza kama chakula kinaletwa. Buberwa, ambaye kazi yake ilikuwa kuchangamsha watu, akadaka palepale: "Naona kuna kuku anadaiwa! Mwalimu, huyo kuku ni nani?"

Shamsa alimtazama Kokushubila. Kwa mara ya kwanza siku ile tabasamu la bibi harusi lilikuwa limesogea. Macho yalikuwa yamemkaza, yanasubiri. Ilikuwa rahisi sana kusema maneno mawili. Meza tatu zingelipuka. Kisha akamwona Anatolia, ambaye alikuwa ameinama mbele kidogo kama mtu asiyetaka kupitwa na neno.

"Ndugu zangu," alisema, "wale mnaowasikia ni walimu wa Izimbya. Wana kuku wao wanamjua wao, na mimi namjua. Lakini wageni wa Kagoma hawakutambulishwa kwake, na si adabu kumleta mtu harusini bila utambulisho. Lameki, kuku nitakuja kumzungumzia mezani kwenu."

Ukumbi mzima ulicheka, maana hilo kila mtu alilielewa. Lameki alisimama akainama kwa heshima kama aliyeshindwa kesi. Shamsa akasubiri wanyamaze, akaanza.

Alijitaja jina. Alisema yeye ni Mwislamu, wa mjini, na kwamba alifika Izimbya akiwa hajui hata kuwasha kuni. Alisema alikuta mwenzake pale, binti wa Kanazi. Kisha akasimulia Ramadhani ile: simu iliyozimika, miguu iliyolegea ubaoni, na alfajiri ya pili mlango ukigongwa. Hakuongeza utani. Aliposema, "Kwenye meza kulikuwa na ebitoke, ndizi za moto, na maharage," sauti ya mwanamke mmoja wa nyuma ilisema, "Yuu!" Aliposema, "Nikadhani ni siku ile tu. Akaamka tena kesho, na keshokutwa, mpaka mwezi wa Idd ukaandama," hakuna aliyegusa glasi.

"Mimi sikumwomba," alisema Shamsa. "Naye hakumwambia mtu. Hata wengi wa walimu wale pale hawajui, wao walisikia kelele za mlango tu. Na mchana alikwenda kula nyuma ya jiko ili nisimwone. Nilimwona, Koku. Sikukwambia, lakini nilikuona."

Kokushubila alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Bwana Onesphory, mwenzangu huyu anapenda usingizi sana. Nakwambia mapema. Lakini mwenzake akiwa na njaa anaamka. Nakuomba na wewe uwe hivyo kwake. Mama," akamgeukia Anatolia, "huyu ndiye mtoto mliyempata. Ndugu zangu, tusimame. Tunyanyue glasi kwa Onesphory na Kokushubila: nyumba yao isikose chakula, na isikose wa kumwamsha mwenzake. Maisha marefu!"

"Maisha marefu!" Viti vilikwaruza sakafu, ukumbi mzima ukasimama pamoja, glasi zikagongana kutoka meza moja hadi nyingine. Soda bado ilikuwa na mapovu. Buberwa alitazama saa yake akamnyooshea Shamsa kidole gumba.

Lililofuata halikuwa kwenye ratiba. Anatolia alitoka kwenye meza ya wazazi, glasi bado mkononi, akavuka ule uwazi ulioachwa kwa ajili ya kucheza, akapanda jukwaani, akaiweka glasi mezani. Alimshika Kokushubila kichwa kwa mikono yote miwili, akamwambia maneno kwa Kihaya ambayo waliokuwa karibu tu waliyasikia. Shangazi zake Onesphory walipiga vigelegele hata kabla ya kujua kimesemwa nini. Kokushubila alianza kulia na kucheka kwa pamoja, na msimamizi wake akahangaika kutafuta kitambaa ili poda isiharibike.

Chakula kilipoletwa Shamsa alitimiza ahadi. Alikaa mezani na walimu, akamtoa kuku kwa urefu wake wote, na Lameki akaongeza vipande ambavyo havikuwahi kutokea. Walicheka mpaka meza ya jirani ikawaomba wapunguze sauti. Kisha Lameki, akiwa anachambua samaki wake, alisema bila kumtazama:

"Hilo la daku sikulijua. Mimi nilidhani anakuamsha uswali tu."

"Najua."

"Na nikampa jina la mwadhini." Alitikisa kichwa. "Mwalimu, umefanya vizuri kutolisema lile jina."

Baadaye kidogo Kokushubila alishuka jukwaani, shela imekunjwa mkononi, akizungukia meza na mumewe kusalimia wageni. Haikuwa rahisi kusogea. Kila meza ya Kagoma ilimsimamisha. Wanawake waliokuwa wakimtazama tu mwanzoni sasa walikuwa na la kumuuliza. Mmoja alitaka kujua kama maharage aliyaloweka jana yake au aliyachemsha usiku. Mwingine alimwambia kwamba jirani yake pale Kagoma ni Mwislamu, mama Mwanaidi, na kwamba watapatana. Mzee mmoja aliyekuwa akitafuna buni za kahawa alimpa chache kutoka kwenye kikasha chake, kama anavyopewa mtu wa nyumbani, na yeye akazipokea kwa mikono miwili. Alipofika meza ya Izimbya alikuwa amechoka na mashavu yamemng'aa.

Alimkumbatia Mwajuma kwanza, kwa sababu ndiye aliyekuwa mkubwa. Kisha akamgeukia Shamsa.

"Nilikukasirikia wiki nzima," alisema.

"Nilijua."

"Kule nyuma ya jiko ulikuwa unaniona?"

"Kila siku. Ulikuwa unakula umechuchumaa, unamfukuza mbwa kwa kijiko."

Kokushubila alicheka kwa sauti, kile kicheko chake cha kweli kilichokuwa kikisikika mpaka uwanja wa shule, na Onesphory aliyekuwa anasalimiana na Najibu akageuka kumtazama kwa mshangao mzuri, kama mtu aliyesikia wimbo mpya redioni.

"Twende," alimwambia mkewe. "Mama anakuita. Anataka ukacheze na shangazi zangu."

"Sijui kucheza kwa kwenu."

"Nao wanajua hujui. Twende."

Wakamchukua. Shamsa alimwona katikati ya vitenge vya bluu, akikosea hatua, akirekebishwa na mikono mitatu minne kwa wakati mmoja, Anatolia akipiga makofi kando yake. Mwajuma naye alisimama, akasema miguu imekufa ganzi, na kabla hawajamzuia alikuwa amejiunga na duara.

Kosta ya Kagoma ilichelewa kuondoka. Dereva alipiga honi mara kadhaa, kisha akaingia mwenyewe ndani akapewa sahani.

Jua lilikuwa limelala juu ya migomba Najibu alipowasha gari kurudi Bukoba. Mwajuma alikaa mbele akisimulia sherehe kana kwamba wengine hawakuwepo. Nyuma, Yasmin alikuwa amelala na kipande cha keki kwenye karatasi mkononi. Walipofika Kemondo Najibu alimuuliza mkewe kama anataka wasimame wanunue samaki. Hakujibiwa. Shamsa alikuwa ameegemeza kichwa dirishani, viatu amevivua, na usingizi ulikuwa umemchukua.